Bajeti ya Siku na Deni la Matangazo: Kwa Nini Kadi ya Chama Hukatwa Zaidi ya Kiasi Kilichoandikwa



Katika ukaguzi wa hesabu za chama kimoja cha wakulima wa alizeti, nililetewa jambo lililokuwa limekwisha kuleta maneno makali kikaoni. Bodi ilikuwa imepitisha kwamba mafuta ya chama yatangazwe katika mtandao kwa dola 5 kwa siku, ili wanunuzi wa mjini Dodoma wayafahamu. Katibu akafungua hesabu katika jukwaa moja la matangazo, akaandika 5 mahali pa bajeti ya siku, akaunganisha kadi ya benki ya chama. Siku ya tisa taarifa ya benki ikaonyesha kwamba kadi imekatwa dola 50 kwa mara moja. Alipofungua jukwaa lenyewe akakuta kwamba siku moja katika hizo ilitumia dola 10 kamili. Wajumbe wakauliza: kama kibali ni dola 5, hizo nyingine zimepelekwa wapi, na kwa ruhusa ya nani?

Katibu hakuwa ameiba, wala jukwaa halikuwa limevunja kanuni zake. Lakini hakuna mtu katika kikao kile aliyeweza kueleza hivyo kwa hesabu, na mtumishi mwaminifu alikaribia kuondolewa kazini. Kwa sababu hiyo yafaa tuyaeleze mambo matatu ambayo watu huyachanganya: bajeti ya siku, dau la mnada, na kizingiti cha malipo. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kimojawapo kinachofanya kazi ya mwenzake. Nitatumia kanuni za matangazo ya Google, kwa kuwa zimeandikwa wazi na zinatumika na wengi, kisha nitataja kwa ufupi zile za Facebook.

Bajeti ya siku ni wastani, si ukomo

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tarakimu inayoandikwa mahali pa bajeti ya siku si ukuta ambao matumizi hayawezi kuuvuka. Ni wastani wa siku katika mwezi mzima. Kanuni ya Google yasema kwamba siku yo yote matangazo ya kawaida yanaweza kutumia hadi mara mbili ya wastani huo, ila kwa mwezi mzima mwenye tangazo hatatozwa zaidi ya mara 30.4 ya wastani. Hiyo 30.4 haikutolewa hewani. Ni siku 365 za mwaka zikigawanywa kwa miezi 12.

Kwa hiyo chama kinapoandika dola 5, kimeruhusu mambo mawili kwa pamoja. Kimeruhusu matumizi ya siku moja kufika dola 10, na kimeruhusu matumizi ya mwezi kufika dola 152, yaani 5 mara 30.4. Katika mwezi wa siku 30, kama Juni, hizo ni dola 2 zaidi ya zile 150 ambazo mtu angepata kwa kuzidisha 5 kwa 30. Katika mwezi wa siku 31 ni dola 3 pungufu ya zile 155 ambazo angezitarajia.

Kanuni hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Hadi mwanzoni mwa Oktoba 2017 siku moja iliweza kuzidi wastani kwa asilimia 20 tu. Tangu hapo ndipo ikawa mara mbili. Mtu aliyefundishwa kazi hii kabla ya mwaka huo, au aliyefundishwa na mtu wa wakati huo, bado anaweza kumwambia katibu kwamba dola 5 haiwezi kupita dola 6. Habari hiyo imepitwa.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba wanunuzi hawatafuti bidhaa kwa kiwango sawa kila siku. Mjini Dodoma, ambako watumishi wa Serikali ni wengi, mishahara ikitoka mwishoni mwa mwezi watu wengi huulizia mafuta ya kupikia. Katikati ya mwezi maulizo hupungua. Kama matumizi yangefungwa kwenye dola 5 kila siku, tangazo lingezimika mapema siku yenye wanunuzi wengi, na siku yenye wanunuzi wachache fedha zingebaki. Jukwaa basi hutumia pungufu siku hafifu na kuzidisha siku nzuri. Mpango huo una maana, lakini ni mpango wa mwezi. Mtu anayeukagua kwa siku moja moja atauona kuwa wizi.

Ipo hali ambayo ukomo wa mara mbili haufuatwi. Tangazo likiwekwa kwa utaratibu wa kulipia matokeo, yaani chama hutozwa tu mtu anapotimiza tendo fulani kama kuagiza, badala ya kutozwa anapobofya, matumizi ya siku yanaweza kupita mara mbili ya wastani. Kwa chama kinachoanza, utaratibu huo uepukwe mpaka katibu aizoee hesabu ya kawaida.

Dau ndilo linalopanga bei

Wajumbe wengi hudhani kwamba bajeti ndiyo inayopanga bei ya tangazo. Sivyo. Bajeti yasema fedha zitakazotumika. Bei ya kila mbofyo hupangwa na mnada. Kila mtu anapoandika katika Google maneno kama “mafuta ya alizeti Dodoma”, wenye matangazo yanayohusu maneno hayo hushindanishwa papo hapo, na mshindi huwekwa juu.

Wana ushirika wanaufahamu mnada wa mazao ya stakabadhi ghalani. Wanunuzi huandika bei zao, na aliyeandika bei ya juu hununua kwa bei ile ile aliyoiandika. Mnada wa matangazo unatofautiana nao kwa mambo mawili. La kwanza, aliyetaja bei ya juu si lazima ashinde, kwa maana jukwaa hupima pia ubora wa tangazo: kama watu huelekea kulibofya, kama linahusu jambo lililoulizwa, na kama ukurasa unaofunguka una manufaa. La pili, mshindi halipi dau lake lote, bali hulipa kiasi kinachotosha tu kumpita yule anayemfuata.

Tuchukue mfano, tukiupunguzia mambo ili ueleweke. Chama kimeweka dau la juu la senti 40 za dola kwa mbofyo, na ubora wa tangazo lake ni 8. Mfanyabiashara mwingine ameweka dau la senti 60, lakini tangazo lake ni hafifu, lina ubora wa 4. Chama kinapata 40 mara 8, yaani 320. Mfanyabiashara anapata 60 mara 4, yaani 240. Chama kimeshinda ingawa dau lake ni dogo. Sasa kitalipa nini? Ili kufikia 240 kwa ubora wa 8 kilihitaji senti 30 tu, basi mbofyo ule utagharimu kama senti 31, wala si 40. Hesabu halisi ya Google ina mambo zaidi, kama vile mahali alipo mtafutaji, aina ya simu yake, na kiwango cha chini ambacho tangazo lazima likifikie hata pasipo mshindani. Lakini kiini chake ni hiki.

Tokeo la kanuni hii ni kwamba bei ya mbofyo hubadilika saa kwa saa kwa kadiri ya washindani waliopo, hata kama katibu hakugusa kitu. Kwa dola 5 chama kinaweza kupata mibofyo 16 siku moja, na mibofyo 12 siku nyingine. Upungufu huo hauthibitishi udanganyifu.

Hatari kubwa hutokea pale dau lisipowekwa kabisa. Katika jukwaa upo utaratibu uitwao `Maximize clicks`, ambao huliachia jukwaa kupanga madau lenyewe ili bajeti yote ipate mibofyo mingi iwezekanavyo. Ni utaratibu mzuri kwa asiye na muda, lakini nia yake ni kuitumia bajeti yote. Siku yenye watafutaji wachache unaweza kununua mbofyo kwa bei ya juu. Panapo nafasi iitwayo `Maximum CPC bid limit`, katibu aandike humo bei ya juu ambayo chama kiko tayari kulipa. Namna ya kuipata ni rahisi. Kama katika kila watu 20 wanaobofya mmoja hununua, na faida ya chama kwa mnunuzi mmoja ni dola 6, basi mibofyo 20 isigharimu zaidi ya dola 6, yaani senti 30 kwa mbofyo. Juu ya hapo chama kinauza kwa hasara, hata kama bajeti ya siku haikuzidi hata kidogo.

Kizingiti cha malipo ni kipimo cha deni

Sasa tufike kwenye zile dola 50 za taarifa ya benki. Katika utaratibu wa malipo ya kujiendesha, chama hakilipi kila siku. Jukwaa hutangaza kwanza, na gharama hujilimbikiza kama deni la mteja dukani. Kadi hukatwa linapotokea mojawapo ya mambo mawili: deni linapofika kiwango fulani, ambacho ndicho kizingiti, au inapofika tarehe 1 ya mwezi, lo lote litakalotangulia.

Kwa hiyo tarakimu ya taarifa ya benki haina uhusiano wo wote na bajeti ya siku moja. Inaonyesha tu kwamba deni limefika kizingiti. Kadhalika, kizingiti si ukomo wa matumizi. Deni likifika, kadi hukatwa, hesabu huanza upya, na matangazo huendelea. Pengine kiasi kinachokatwa huzidi kizingiti kidogo, kwa kuwa mibofyo huendelea kuingia wakati malipo yanashughulikiwa.

Kizingiti chenyewe hupanda. Hesabu mpya hupewa kiwango kidogo, na inapokifikia kabla ya tarehe 1 na malipo yakapita salama, jukwaa huweza kukiongeza lenyewe. Ndipo katibu anapoona kwamba mwezi wa kwanza kadi ilikatwa kidogo kidogo, na baadaye inakatwa kiasi kikubwa kwa mara moja, naye akadhani bei imepanda. Bei haikupanda, deni limeruhusiwa kukua zaidi kabla ya kudaiwa.

Mfano wa mwezi mmoja

Tuweke yote matatu pamoja kwa chama cha mfano hapa Mlali. Kinatangaza mwezi wa Juni kwa wastani wa dola 5, na kizingiti chake ni dola 50. Matumizi ya siku tisa za kwanza ni haya: dola 3, 4, 9, 10, 6, 5, 2, 7 na 6. Jumla ni dola 52.

Siku ya nne ilitumia dola 10. Imefika ukomo wa mara mbili, wala haikuupita. Siku ya tisa deni lilipofika 50, kadi ikakatwa dola 50, na dola 2 zikabaki kama mwanzo wa deni jipya. Hadi hapo chama kimetumia dola 52 kwa siku tisa, badala ya 45 ambazo mjumbe angezitarajia. Zile 7 zilizozidi lazima zijitokeze kama upungufu kabla ya mwezi kwisha, isipokuwa dola 2 zinazoruhusiwa na ile 152. Ikiwa tarehe 30 jumla ya matumizi ni dola 147, chama hakikuzidishiwa kitu. Kama kizingiti kilibaki 50, benki itaonyesha makato matatu: 50 tarehe 9, 50 nyingine siku za tarehe 20, na 47 tarehe 1 Julai. Kama kizingiti kilipandishwa hadi 100 baada ya malipo ya kwanza, benki itaonyesha mawili: 50 tarehe 9, na 97 tarehe 1 Julai. Karatasi za benki zimetofautiana, na gharama ni ile ile 147.

Na je, jukwaa likipitiliza kweli? Tuseme siku moja mibofyo iliyoingia ina thamani ya dola 11 na senti 20. Chama hutozwa dola 10, na ile dola 1 na senti 20 hurudishwa katika hesabu. Hivyo hivyo mwezi ukipita 152. Ndiyo maana katika taarifa za jukwaa huonekana gharama ya huduma iliyotolewa kwa upande mmoja, na gharama iliyotozwa kwa upande mwingine. Katibu achukue ile iliyotozwa. Mibofyo ya hila ambayo jukwaa limeitambua nayo hurudishwa, na pengine huonekana mwezi unaofuata.

Kosa la tarakimu moja

Lipo kosa linalogharimu chama kweli kweli, nalo hutokea katika kubadili bajeti. Katibu anayetaka kuandika 5 akaandika 50, akagundua baada ya saa moja na kusahihisha, hatakuwa amejiokoa kwa siku hiyo. Ukomo wa siku huhesabiwa kwa bajeti ya juu kuliko zote zilizoandikwa siku ile. Ukomo wake utakuwa dola 100 mpaka siku iishe. Katika hali hiyo kusahihisha hakutoshi. Asimamishe tangazo kabisa mpaka kesho yake.

Kubadili bajeti katikati ya mwezi hubadili pia ukomo wa mwezi. Huo huhesabiwa upya: kiasi kilichokwisha kutumika, pamoja na bajeti mpya mara siku zilizobaki. Kama chama kimetumia dola 80, zimebaki siku 15, na bajeti inapandishwa kuwa dola 8, ukomo mpya ni 80 na 120, yaani dola 200. Ile 152 haipo tena. Kila badiliko basi liandikwe kwa tarehe katika daftari, la sivyo mkaguzi hataweza kuihakiki hesabu.

Jambo jingine ni kwamba bajeti huwekwa kwa kila kampeni, wala si kwa hesabu nzima. Chama chenye kampeni mbili za dola 5, moja ya mafuta na moja ya mashudu, kimeruhusu dola 20 kwa siku moja na dola 304 kwa mwezi.

Facebook na kanuni yake

Facebook nayo huichukua bajeti ya siku kuwa wastani, ila kipimo chake ni wiki. Siku moja inaweza kuzidi hadi kwa asilimia 75, lakini wiki ya Jumapili hadi Jumamosi haitapita mara saba ya bajeti. Kwa dola 5, siku moja inaweza kufika dola 8 na senti 75, na wiki haitapita dola 35. Mnada upo, na kizingiti cha malipo kipo vile vile. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba mara nyingi chama hutozwa kwa tangazo kuonyeshwa, wala si kwa kubofywa.

Namna ya kuhakiki

Katibu anapoletewa lalamiko, au mjumbe anapotaka kuhakiki, aulize maswali matatu kwa utaratibu huu. Je, ipo siku iliyotozwa zaidi ya mara mbili ya bajeti ya juu iliyoandikwa siku hiyo? Je, mwezi umetozwa zaidi ya mara 30.4 ya wastani, au zaidi ya ukomo mpya kama bajeti ilibadilishwa? Na tatu, je, makato yote ya kadi yanalingana na gharama ya mwezi, ukijumlisha deni lililotoka mwezi uliopita na kutoa deni lililobaki?

Katika swali la tatu kumbuka kwamba kodi haihesabiwi ndani ya bajeti. Ikitozwa huongezwa juu yake. Vile vile hesabu inapokuwa ya dola, benki hugeuza kuwa shilingi kwa kiwango chake yenyewe na huweza kutoza ada. Katika daftari la fedha iandikwe ile shilingi iliyokatwa na benki, na ada iwekwe mstari wake. Kama jibu la swali lo lote kati ya haya matatu halikupatana, hapo ndipo pana lalamiko la haki, na chama kilipeleke kwa jukwaa pamoja na taarifa ya siku kwa siku.

Chama kisichotaka deni kabisa kitazame kama hesabu yake inaruhusu kulipa kabla. Fedha huwekwa kwanza, na zikiisha tangazo husimama. Pasipo nafasi hiyo, itumike kadi ya pekee yenye kiasi cha mwezi tu. Lakini ifahamike kwamba kadi ikikosa fedha, matangazo husimamishwa na deni lililokwisha kuingia hubaki likidaiwa. Hata kulisimamisha tangazo hakufuti deni. Tarehe 1 kadi itakatwa.

Mwisho, lile la muhtasari. Chama nilichokitaja kiliandika, “dola 5 kwa siku,” na maneno hayo ndiyo yaliyozaa ugomvi. Baada ya maelezo, bodi iliandika upya kwamba kibali ni wastani wa dola 5 kwa siku, kisichozidi dola 10 kwa siku moja wala dola 152 kwa mwezi, kabla ya kodi na ada za benki, na dau la juu ni senti 30. Katibu yupo kazini hadi leo, na kila tarehe 2 ya mwezi huleta taarifa ya jukwaa na ya benki zikiwa zimebanwa pamoja.